Sura ya Saba: Geuza Faida Iwe Hasara Kwanza

Mfanyabiashara mwenye mchele Kyela, Kilombero na Kahama, na wanunuzi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ana swali moja gumu: gunia lipi liende soko lipi? Nauli ya lori ni sehemu tu ya jibu. Mchele wa Kyela hupendwa kwa harufu yake, na bei ya harufu hiyo si sawa kila mji. Mchele wa Kahama una wateja wake Mwanza, na njia ya kuufikisha huko ni fupi. Kwa hiyo lori la nauli nafuu linaweza kumwachia faida ndogo, na lori la nauli ghali likamwachia faida kubwa. Anachotaka si kupunguza nauli peke yake. Anataka jumla ya faida iwe kubwa kadiri inavyowezekana.

Hapo ndipo jedwali la usafirishaji tulilojifunza katika sura iliyopita linapotaka kazi moja ya ziada. Hatua zake zote zilibuniwa kutafuta kilicho kidogo. Frank Hitchcock alipoliandikia tatizo hili mwaka 1941, aliuliza namna ya kusambaza bidhaa kutoka viwandani hadi mijini kwa gharama ndogo kabisa. Tjalling Koopmans alilishughulikia wakati wa Vita Kuu ya Pili, akihesabu safari za meli za mizigo. Naye pia alikuwa akipunguza gharama. Nyles Reinfeld na William Vogel walipochapisha kitabu chao mwaka 1958, njia inayobeba jina la Vogel ilikuwa na lengo hilohilo. Ukiingiza faida katika hatua hizo bila kuigeuza, zitatafuta faida ndogo, na zitaitafuta kwa bidii ileile.

Jedwali la faida

Tuchukue mfano, tukikumbuka kwamba tarakimu zake zimetungwa kwa ajili ya somo. Mfanyabiashara ana magunia 100 Kyela, 150 Kilombero na 150 Kahama. Dar es Salaam inahitaji magunia 160, Arusha 120 na Mwanza 120. Mzigo wote ni magunia 400 na mahitaji yote ni 400, kwa hiyo jedwali limesawazika.

Kwa kila njia, amechukua bei ya kuuzia, akatoa bei aliyonunulia, nauli, ushuru wa mazao na malipo ya makuli. Kilichobaki ni faida ya gunia moja, kwa maelfu ya shilingi:

| | Dar es Salaam | Arusha | Mwanza | Mzigo |
|---|---|---|---|---|
| Kyela | 28 | 25 | 16 | 100 |
| Kilombero | 25 | 14 | 8 | 150 |
| Kahama | 17 | 16 | 20 | 150 |
| Mahitaji | 160 | 120 | 120 | 400 |

Mtu akilifanyia kazi jedwali hili kama lilivyo, kwa kanuni ya kuanza na seli ndogo, atapeleka magunia 120 ya Kilombero Mwanza, kwa sababu 8 ndiyo namba ndogo kuliko zote. Kisha atapeleka magunia 30 ya Kilombero Arusha, 90 ya Kahama Arusha, 60 ya Kahama Dar es Salaam, na 100 ya Kyela Dar es Salaam. Faida yote itakuwa 6,640, yaani shilingi 6,640,000. Hesabu haitaonyesha dosari yoyote. Mistari itajumlishwa sawasawa, mzigo utakwisha na mahitaji yatatimia. Kosa limejificha katika swali lililoulizwa, wala halionekani katika majibu. Ndiyo maana wanafunzi wengi hulipitia bila kulitambua.

Kugeuza

Dawa yake ni hatua moja. Tafuta namba kubwa kuliko zote katika jedwali zima. Hapa ni 28, faida ya gunia la Kyela likiuzwa Dar es Salaam. Kisha toa faida ya kila seli kutoka katika hiyo 28, na uandike jibu mahali pa faida:

| | Dar es Salaam | Arusha | Mwanza | Mzigo |
|---|---|---|---|---|
| Kyela | 0 | 3 | 12 | 100 |
| Kilombero | 3 | 14 | 20 | 150 |
| Kahama | 11 | 12 | 8 | 150 |
| Mahitaji | 160 | 120 | 120 | 400 |

Jedwali hili jipya linaitwa jedwali la hasara ya fursa. Hasara hiyo si fedha iliyotoka mfukoni. Seli ya Kilombero na Arusha ina 14, na maana yake ni kwamba gunia lililopita njia hiyo limeleta faida pungufu kwa shilingi 14,000 kuliko gunia lililopita njia bora kuliko zote. Mfanyabiashara bado amepata shilingi 14,000 zake za faida, lakini amekosa 14,000 nyingine ambazo njia bora ingempa.

Kwa nini tunaruhusiwa kufanya hivi? Sababu ni moja, na inafaa kuielewa badala ya kuikariri. Kila gunia likitoka, faida yake na hasara yake ya fursa zikijumlishwa hutoa 28 daima, lipite njia yoyote. Magunia ni 400. Kwa hiyo, katika mpango wowote unaosafirisha magunia yote, faida yote na hasara yote kwa pamoja ni 28 mara 400, yaani 11,200. Jumla hiyo haibadiliki. Ukipunguza hasara, faida inapanda kwa kiasi kilekile. Mpango wenye hasara ndogo kabisa ndio wenye faida kubwa kabisa, na hauwezi kuwa mwingine.

Utaona pia kwamba si lazima namba ya kutolea iwe 28. Hata 30 au 100 ingefikisha kwenye mpango uleule. Tunachagua kubwa iliyopo kwa sababu inazuia namba hasi na inaacha namba ndogo, rahisi kwa mkono. Muhimu ni kutumia namba moja kwa jedwali zima, ili ukaguzi wa 11,200 ubaki mikononi mwako hadi mwisho.

Hatua za kawaida

Sasa tunaweza kutumia njia ya Vogel kama tulivyoizoea. Kwa kila safu, ya mlalo au ya wima, tunachukua namba mbili ndogo kabisa na kutafuta tofauti yake. Tofauti hiyo huitwa adhabu: ni kiasi utakachoumia kwa kila gunia iwapo utakosa nafasi bora ya safu hiyo na kulazimika kuchukua ya pili.

Kyela ina 0 na 3, adhabu yake ni 3. Kilombero ina 3 na 14, adhabu 11. Kahama ina 8 na 11, adhabu 3. Kwa upande wa masoko, Dar es Salaam ina adhabu ya 3, Arusha 9 na Mwanza 4. Adhabu kubwa ni 11 ya Kilombero, kwa hiyo Kilombero inahudumiwa kwanza: magunia yake yote 150 yanakwenda Dar es Salaam. Dar es Salaam inabaki na upungufu wa magunia 10, na safu ya Kilombero inafutwa.

Tunahesabu upya. Kyela bado ni 3 na Kahama 3. Dar es Salaam sasa ina 0 na 11, adhabu 11. Arusha ni 9, Mwanza 4. Dar es Salaam inashika nafasi, na seli yake ndogo ni ya Kyela. Magunia 10 ya Kyela yanakwenda huko, nayo Dar es Salaam imekamilika. Katika duru ya tatu Kyela ina 3 na 12, adhabu 9. Arusha nayo ina adhabu 9, na zote mbili zinaelekeza kwenye seli moja: magunia 90 ya Kyela yaliyobaki yanakwenda Arusha. Kahama inamalizia kwa magunia 30 Arusha na 120 Mwanza.

Hasara yote ni 450 ya Kilombero kwenda Dar es Salaam, sifuri ya Kyela kwenda Dar es Salaam, 270 ya Kyela kwenda Arusha, 360 ya Kahama kwenda Arusha na 960 ya Kahama kwenda Mwanza. Jumla ni 2,040.

Namba hiyo si jibu la mfanyabiashara, ingawa wapo wanaoiandika kama jibu na kuishia hapo. Lazima turudi kwenye jedwali la faida na kuzidisha magunia kwa faida za awali: 3,750, kisha 280, kisha 2,250, kisha 480, kisha 2,400. Jumla ni 9,160, yaani shilingi 9,160,000. Sasa tumia ukaguzi wetu: 9,160 na 2,040 zinafanya 11,200. Zingekataa kufanya 11,200, tungejua kuna kosa la kugeuza au la kujumlisha, na tungelitafuta kabla ya kuita lori.

Je, ndio mpango bora?

Njia ya Vogel hutoa mwanzo mzuri, lakini haiahidi kwamba mwanzo huo ndio mwisho. Tunaupima kwa namba za safu. Kwanza tunahesabu seli zilizotumika. Lazima ziwe idadi ya vyanzo na masoko kwa pamoja, ukitoa moja: 3 na 3 ni 6, toa 1, ni 5. Tunazo tano.

Tunaipa Kyela namba 0. Kwa seli zilizotumika, namba ya chanzo na namba ya soko zikijumlishwa lazima zitoe hasara ya seli hiyo. Kwa hiyo Dar es Salaam inapata 0 na Arusha 3. Kilombero inapata 3 kutokana na Dar es Salaam. Kahama inapata 9, kwa kuwa 9 na 3 ya Arusha ni 12. Mwanza inapata hasi 1, kwa kuwa 9 ukitoa 1 ni 8.

Sasa tunatazama seli zisizotumika, tukitoa jumla ya namba hizo kutoka katika hasara ya kila seli. Kyela na Mwanza inabaki 13. Kilombero na Arusha, 8. Kilombero na Mwanza, 18. Kahama na Dar es Salaam, 2. Zote ni chanya. Maana yake ni kwamba kulitumia gunia katika yoyote ya njia hizo kutaongeza hasara, na hivyo kutapunguza faida. Mpango wa 9,160 ni bora, na ni mmoja tu.

Kinachovutia macho

Linganisha na mpango ambao mtu mwenye akili timamu angeuchagua kwa kutazama jedwali la faida na kufuata namba kubwa. Angeanza na 28: magunia yote 100 ya Kyela Dar es Salaam. Kisha 25 ya Kilombero Dar es Salaam, lakini nafasi iliyobaki ni ya magunia 60 tu. Kahama ingepeleka 120 Mwanza na 30 Arusha, na magunia 90 ya Kilombero yangelazimika kwenda Arusha kwa faida ya 14. Jumla ni 8,440. Amepoteza shilingi 720,000 dhidi ya mpango bora.

Kosa lake lilianza pale palipoonekana pazuri kuliko kote. Kyela ina soko la pili lililo jema, Arusha, ambako inapoteza 3 tu. Kilombero haina soko la pili la maana. Ikikosa Dar es Salaam inaporomoka kwa 11. Kwa kila gunia la Kyela linalohamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, mfanyabiashara anapoteza 3, lakini anafungua nafasi ya gunia la Kilombero kutoka Arusha kurudi Dar es Salaam na kupata 11. Faida halisi ni 8 kwa gunia. Magunia 90 yanaweza kuhamishwa hivyo, na 90 mara 8 ni 720, tofauti ileile.

Mtu huyo angepata mpango uleule dhaifu hata baada ya kugeuza jedwali, kama angeanza tu na seli yenye hasara ndogo, ile ya sifuri. Kugeuza kunalirekebisha swali. Adhabu za Vogel na upimaji wa mwisho ndivyo vinavyolijibu.

Mzigo ukizidi soko

Tuseme Kahama ina magunia 190 badala ya 150. Mzigo unakuwa 440 na mahitaji yanabaki 400. Tunaongeza soko bandia la magunia 40, ambalo kwa kweli ni ghala: gunia linalopelekwa huko halijauzwa. Utaratibu ulio salama ni kuongeza soko hilo katika jedwali la faida kwanza, kwa faida ya 0, kisha kugeuza. Kila seli ya soko bandia itasomeka 28.

Wengi hugeuza kwanza, kisha wakaandika 0 katika soko bandia. Kwa bahati, mpango wa mwisho haubadiliki, kwa sababu safu nzima imeshuka kwa kiasi kimoja. Lakini madhara yapo mawili. Adhabu za vyanzo zinapotoka, kwa kuwa kila chanzo kinaonekana kuwa na nafasi ya bure, na mwanzo unaweza kuwa dhaifu ukahitaji marekebisho mengi. La pili ni baya zaidi. Mpango bora hapa unaacha magunia 40 ya Kahama ghalani na kubakiza mengine kama yalivyo, kwa faida ileile ya 9,160. Aliyeandika 0 atakuwa na hasara ya 2,040 na jumla ya 28 mara 440, yaani 12,320. Akitoa, atatangaza faida ya 10,280. Ziada ya 1,120 ni 28 mara 40: faida ya magunia ambayo hayajauzwa. Ukiona faida inayopatikana kwa kutoa haifanani na inayopatikana kwa kuzidisha, tazama kwanza soko bandia.

Ikiwa ghala lina kodi, au mchele uliobaki umekwisha kulipiwa, faida ya soko bandia si 0 bali ni hasi, na inaweza kutofautiana kati ya vyanzo. Hapo ndipo alama ya hasi inapowaponza watu. Faida ya hasi 4 inageuka kuwa 28 ongeza 4, yaani 32. Wanaoandika 24 wameifanya njia ya hasara ionekane nafuu kuliko njia yenye faida ya 3. Njia iliyofungwa kabisa, kwa daraja kukatika au kibali kukosekana, isiachwe wazi wala isipewe faida ya 0. Ipe hasara kubwa mno kuliko nyingine zote, ili hesabu isiiguse.

Wakati jedwali la faida halihitajiki

Upo wakati ambapo kazi hii yote ni ya bure. Kama kila soko lina bei moja kwa mchele wowote, na kila chanzo kina bei moja ya kununulia, na magunia yote lazima yauzwe na mahitaji yote yatimie, basi mauzo yote ni kiasi kilekile kwa mpango wowote, na manunuzi vilevile. Kinachobaki kubadilika ni nauli na makato ya njiani. Jedwali la gharama linatosha, na litatoa mpango uleule. Faida inaanza kuwa na neno la kusema pale bei inapotegemea chanzo na soko kwa pamoja, kama inavyotokea kwa mchele wa Kyela, au pale mzigo unapozidi na lazima uamue ni wa wapi ubaki.

Na hata mpango bora una mipaka. Jedwali linadhani faida ya gunia la kwanza na la mwisho ni sawa, na kwamba magunia 10 yanasafiri kwa nauli ileile kwa gunia kama magunia 100. Mpango wetu unataka magunia 10 ya Kyela yaende Dar es Salaam. Yakipata nafasi katika lori la mwingine, sawa. Yakikodiwa gari lake peke yake, faida ya 28 haipo tena. Seli ya Kahama na Dar es Salaam, iliyobaki na 2 katika upimaji wetu, inatoa jibu: magunia hayo 10 yakiongezwa kwenye mzigo wa Kyela wa Arusha, na Kahama ikapeleka 10 Dar es Salaam, faida inashuka kwa 20 tu, kutoka 9,160 hadi 9,140. Lakini gari la Kahama nalo lina swali lilelile.

Kwa hiyo, ukimaliza, usiwape wenzako mpango peke yake. Wape faida iliyozidishwa kutoka jedwali la awali, hasara ya fursa, na jumla ya viwili hivyo. Waonyeshe pia seli ambazo hazikutumika na kiasi kitakachopotea kwa kila gunia iwapo zitatumika. Bei za sokoni hubadilika kila wiki. Mwenye namba hizo ataweza kuona mara moja ni badiliko lipi la bei linalotaka mpango mpya, na lipi linaweza kuachwa lipite.